Betri ipi kampuni ya kufunga sola iweke stoo: kuanzia ya kwanza hadi ya kuacha kabisa

Paneli hazitakusumbua sana. Zikiwa za kiwanda kinachoaminika na zimefungwa sawasawa, baada ya miaka 20 bado zitakuwa juu ya paa zinatoa umeme. Kinachorudisha gari la mafundi kwa mteja yule yule ni betri. Ndiyo maana ninamshauri yeyote anayeandika mpango wa kampuni ya kufunga sola aanze kwa kuchagua betri atakayouza. Akishachagua, ataona waranti anayoweza kuahidi, fundi anayemhitaji, miezi anayoweza kumkopesha mteja, na mara ngapi atalazimika kurudi.

Nimezipanga aina 4 kwa swali moja: mteja akilipa awamu ya mwisho ya mkopo, betri itakuwa bado inafanya kazi, na kuitunza hadi hapo kutakuwa kumekugharimu kazi kiasi gani?

Tuchukue nyumba moja ya mfano. Ina jokofu dogo, taa, televisheni na simu za kuchaji, na kuanzia jua linapozama hadi linapochomoza inatumia uniti 2.3. Inveta yenyewe hula karibu asilimia 10, kwa hiyo betri lazima itoe takriban uniti 2.56 kila usiku. Nyumba hii tutaipitisha kwenye kila aina.

Ya kwanza: lithiamu ya fosfeti ya chuma

Kwenye lebo huandikwa LiFePO4. Betri hii unaweza kuitumia hadi asilimia 80 ya ujazo wake kila usiku bila kuiumiza, kwa hiyo nyumba yetu inahitaji ujazo wa uniti 3.2. Betri ya volti 25.6 yenye Ah 150 ina uniti 3.84, inatosha na kubakiza kidogo. Zilizo nzuri huandikiwa mizunguko 3,000 au zaidi ya kuchaji na kutumia kwa kiwango hicho. Kwa mzunguko mmoja kila usiku, hiyo ni zaidi ya miaka 8. Mkopo wa miaka 2 au 3 unaisha betri ikiwa bado changa.

Tatizo lake kubwa liko kwenye manunuzi. Ndani ya kasha hakuna anayeona, na kuna wauzaji wanaoandika Ah 150 juu ya seli za Ah 90. Kabla ya kuagiza shehena, agiza betri moja uipime. Kwanza iweke kwenye mizani: betri ya uniti 3.84 kwa kawaida huwa na kilo 30 na kitu hadi 40 na kitu. Ikiwa na kilo 18, hakuna haja ya kipimo kingine. Kisha ichaji ijae, uiunganishe na inveta, uweke mzigo wa wati 500 usiobadilika. Pamoja na kinachopotea kwenye inveta, betri inatoa karibu wati 555, kwa hiyo inapaswa kudumu karibu saa 7 kabla ya kujizima. Ikizima baada ya saa 4, umeuziwa takriban uniti 2.2. Rudia kipimo hicho kwa betri chache za kila shehena, kwa sababu sampuli iliyotumwa kukushawishi inaweza kuwa tofauti na mzigo uliofuata.

Upande wa fundi, betri hii haivumilii kukisia. Ndani yake mna BMS, bodi ya ulinzi inayokata umeme seli zikipita kiwango. Kosa ninalolichukia zaidi hutokea pale nyumba inapobadilishwa kutoka betri za maji kwenda lithiamu na mipangilio ya zamani ikaachwa kwenye inveta. Betri za maji za volti 24 hupewa mara kwa mara chaji ya kusawazisha inayofika karibu volti 31. Betri ya lithiamu ya seli 8 mwisho wake ni volti 29.2, yaani 3.65 kwa kila seli. Siku chaji ya kusawazisha ikijiwasha, BMS inakata, nyumba inaingia gizani mchana wa jua kali, na mteja anaambiwa betri ni mbovu. Fundi anapaswa kuzima kabisa chaji ya kusawazisha na kuweka kikomo cha kuchaji kati ya volti 28.0 na 28.4, isipokuwa kiwanda kimeandika vingine. Betri na inveta zikiwa na matundu ya mawasiliano ya CAN au RS485 yanayoelewana, zifungwe zizungumze zenyewe.

Jambo jingine ni nyaya. Inveta ya wati 3,000 kwenye volti 24 inaweza kuvuta karibu ampea 140. Boliti isiyokazwa kwa kipimo itapata moto hapo hadi plastiki iyeyuke. Swichi ya kukatia iwe imeandikwa kuwa ni ya umeme wa DC, kwa sababu ile ya umeme wa kawaida wa nyumbani inaweza kushindwa kuzima cheche ya DC. Fundi asiyekuwa na spana ya kupimia mkazo na klampu mita inayosoma DC bado hajawa tayari kufunga betri hii, hata awe na uzoefu mrefu wa kuvuta waya za nyumba.

Ya pili: betri ya maji ya tubula

Hii ninaiheshimu. Kwa kampuni ambayo wateja wake wako karibu na ina fundi wa kuzunguka, inaweza hata kushindana na ya kwanza. Unaitumia nusu tu, kwa hiyo nyumba yetu inahitaji ujazo wa uniti 5.12. Betri 2 za volti 12 zenye Ah 220, zikiungwa kwa mfululizo, zinatoa 5.28. Tubula nzuri hufikisha mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa matumizi ya nusu, yaani miaka 3 hadi 4, na mkopo wa miezi 24 unakaa ndani yake salama.

Lakini uhai huo unategemea maji. Kila mwezi hadi miezi 3, kutegemea joto na chaji, mtu lazima afungue vifuniko, aongeze maji ya betri na apime tindikali kwa haidromita. Betri iliyojaa husoma kati ya 1.24 na 1.28 kulingana na kiwanda. Chumba kimoja cha betri kikiachana na vingine kwa 0.03 au zaidi hata baada ya chaji ya kusawazisha, hicho kinaelekea kufa. Betri hizi pia zinataka kujaa kabisa mara kwa mara. Wiki 2 za mawingu zikipita zikiwa nusu nusu, salfeti inaganda kwenye bamba na ujazo unapungua. Na kwa kuwa hutoa gesi ya hidrojeni zikichajiwa, zikae mahali penye hewa, kamwe zisiwekwe kwenye chumba cha kulala.

Ukiuza tubula, uza na ziara zake. Gharama ya fundi ya miezi 24 iingie kwenye bei tangu siku ya kwanza. Ukimwachia mteja kazi ya maji, waranti yako utailipia wewe.

Ya tatu: jeli na AGM

Zinauzika kirahisi kwa sababu zimefungwa na hazina maji ya kuongeza. Zinafaa pale umeme wa sola unaposubiri dharura tu. Kwa nyumba inayozitumia kila usiku, hesabu inazikataa. AGM ya kawaida huandikiwa karibu mizunguko 500 hadi 600 kwa matumizi ya nusu, tena kwenye joto la nyuzi 25. Usiku 600 ni miezi 20. Mteja mwenye mkopo wa miezi 24 atabaki na miezi 4 ya kulipia betri iliyokwisha, na ni vigumu kumlaumu akigoma. Joto linazidisha: betri za risasi, yaani tubula, jeli na AGM, hupoteza karibu nusu ya uhai wake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya 25. Jeli ya kiwanda kizuri hudumu zaidi ya AGM, ila bei yake mara nyingi inakuwa imeikaribia lithiamu.

Ukilazimika kuziuza, fupisha mkopo hadi miezi 12.

Ya kuacha: zilizotumika na za magari

Betri ya kuwashia gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na inakufa haraka ikitolewa hadi nusu kila siku. Betri za lithiamu zilizotolewa kwenye magari ya umeme zinaweza kuwa na uhai mzuri, lakini kila seli ina historia yake. Bila mashine ya kupima seli moja moja huwezi kuandika waranti ya kweli. Kampuni changa isiziguse.

Waranti inapokutana na mkopo

Hapa ndipo kampuni nyingi hupoteza fedha bila kuona zilipotokea. Tuseme msambazaji amekupa waranti ya miezi 24 inayoanza tarehe ya ankara. Miezi 2 mzigo uko njiani, miezi 4 umekaa stoo. Siku unayofunga imebaki miezi 18. Wewe umemwandikia mteja miezi 24 na mkopo wa miezi 24. Miezi 6 ya mwisho ni ya mfuko wako. Kabla ya kulipia shehena, dai waranti ihesabiwe kuanzia siku ya kufunga, kwa kusajili namba ya betri. Akikataa, agiza mizigo midogo inayotoka haraka, na ahadi yako kwa mteja iwe fupi kuliko unayopewa.

Soma pia kikomo cha matumizi. Waranti ya miaka 10 inaweza kuwa na maneno "au uniti 8,000, kipi kitangulie". Nyumba yetu inatoa uniti 2.56 kwa usiku, karibu 934 kwa mwaka, kwa hiyo itafikia kikomo baada ya miaka 8 na nusu hivi. Uliza vilevile nani analipa usafiri wa kurudisha betri mbovu. Lithiamu husafirishwa kama mzigo wa hatari, na nauli yake inaweza kumeza faida yote ya mauzo hayo.

Siku ya kufunga, fundi apige picha ya namba ya betri, kurasa za mipangilio ya inveta na boliti zilizokazwa. Arudi baada ya siku 30 akaze tena na asome kumbukumbu za hitilafu. Picha hizo ndizo utetezi wako msambazaji akidai kuwa betri imeharibiwa na mipangilio. Stoo pia ibaki angalau betri moja ya kuazima. Mteja anayesubiri siku 60 gizani wakati dai linashughulikiwa ataacha kulipa awamu, lakini akiwa na betri ya kuazima ataendelea.

Betri za akiba nazo zina ratiba yake. Za risasi zipimwe kila baada ya miezi 3, na ikisoma chini ya volti 12.4 ichajiwe hapo hapo. Za lithiamu zihifadhiwe zikiwa karibu nusu, zichajiwe upya kila miezi 6, kwa maana BMS hunyonya kidogo kidogo hata betri ikiwa imezimwa, na ikishuka mno inaweza isikubali kuamka tena.