Uzoefu wangu: kuuondoa mrundiko wa katuni kwenye YouTube ya TV ya sebuleni

Mapendekezo ya YouTube nayapa nyota 3 kati ya 5. Tathmini hii inahusu jambo moja tu, ukurasa wa mwanzo kwenye TV ya sebuleni, ile ambayo nyumba nzima inaitumia kwa akaunti moja. Ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi hapa Nairobi, kuanzia Umoja hadi Rongai. Asubuhi watoto wanaweka katuni, mchana ni nyimbo za injili huku chakula kikipikwa, usiku ni mabao ya wikendi. Baada ya muda katuni zinashika ukurasa wote juu mpaka chini, na mama anayetaka kujua namna ya kupanda sukuma wiki kwenye magunia haoni video hata moja ya shamba mpaka aandike herufi mojamoja kwa rimoti.

Kwanza tuelewe kwa nini katuni ndizo zinazoshinda. Mwaka 2016 wahandisi wa Google walichapisha maelezo ya jinsi mfumo wao unavyofanya kazi, na walieleza hatua mbili. Ya kwanza inaangalia historia ya akaunti, inailinganisha na watu wengine wanaotazama vitu vya aina hiyo, na kutoka kwenye mamilioni ya video inabakisha mamia. Ya pili inazipanga hizo zilizobaki kwa kukadiria kila moja itatazamwa kwa muda gani. Muda ndio uzito. Tangu 2012 YouTube ilihama kutoka kuhesabu idadi ya waliobofya na kuanza kuangalia dakika zinazotazamwa.

Sasa fikiria mtoto wa miaka 4. Anatazama katuni ileile tena na tena, hadi mwisho, bila kuruka hata sehemu moja. Ikiisha, Autoplay inaleta nyingine, naye anaendelea hata kama ameshaanza kucheza na vikombe sakafuni. Mama naye anafungua video ya magunia, anaona udongo unachanganywa na mbolea kwa kiasi gani, anazima. Amepata alichokitaka kwa dakika 3. Kwa mfumo, akaunti hii ni ya mtu anayependa katuni kupita kiasi na ambaye kilimo hakimvutii sana. Haujui kwamba kuna watu wawili.

Wengi wakiudhika hubonyeza Not interested. Shirika la Mozilla lilipima vitufe hivi mwaka 2022 kwa msaada wa watu zaidi ya 20,000 waliojitolea, na matokeo yake kila mwenye TV ayajue. Not interested ilizuia asilimia 11 tu ya mapendekezo yasiyotakiwa. Dole gumba la chini lilizuia asilimia 12. Kufuta video kwenye historia kulizuia asilimia 29, na Don't recommend channel asilimia 43. Hakuna hata kimoja kilichofika nusu. Hapo ndipo nyota zangu 2 zilipokwenda: kitufe ambacho mtu wa kawaida hukifikia kwanza ndicho dhaifu kuliko vyote.

Nionavyo mimi, kufuta video moja kuna nguvu ndogo kwa sababu moja rahisi: wenzake 60 wa aina hiyohiyo bado wako kwenye historia, na hao wanatosha kuuambia mfumo kilekile ulichokuwa ukiamini. Kwa hiyo usishughulike na ukurasa. Shughulika na orodha inayoulisha, na uikate kwa mafungu.

Kabla ya kufuta chochote, hakikisha unafuta kwenye akaunti sahihi. Hapa ndipo kazi ya watu wengi inapotelea bure. TV nyingi ziliunganishwa na fundi wa intaneti au kijana wa dukani, akaingiza barua pepe iliyokuwa karibu, pengine yake mwenyewe. Mwenye nyumba anasafisha historia kwenye simu yake wiki nzima na TV haibadiliki. Kujua ni rahisi: fungua historia kwenye simu na utafute kilichotazamwa kwenye TV jana usiku. Kama hakipo, TV iko kwenye akaunti nyingine. Nenda kwenye picha ya akaunti upande wa kushoto wa skrini ya TV, uone ni ya nani, kisha uingie na yako.

Kazi yenyewe ifanyie kwenye simu au kompyuta, kwa kuwa rimoti itakuchosha. Fungua kivinjari ukiwa na akaunti hiyohiyo, uandike:

```
myactivity.google.com/product/youtube
```

Utaona kila kilichotazamwa na kila kilichotafutwa, siku kwa siku. Bonyeza Delete, kisha Delete custom range, uchague tarehe. Mfano mzuri ni likizo ya Aprili, watoto wakiwa nyumbani mchana kutwa. Weka siku shule zilipofungwa na siku zilipofunguliwa, ufute kipindi chote. Hasara yake ni kwamba mahubiri na mechi mlizotazama katika wiki hizo nazo zitaondoka. Mimi naona ni bei inayolipika. Kama huikubali, tumia kisanduku cha kutafuta na uandike jina la chaneli ya katuni, si neno «katuni», maana vichwa vingi vya video hizo havina neno hilo. Kisha ondoa moja baada ya nyingine. Ni kazi ya nusu saa kwa chaneli moja iliyotazamwa sana, na chaneli mbili tatu kubwa ndizo kwa kawaida zinazobeba mzigo wote.

Usisahau maneno yaliyotafutwa, nayo ni sehemu ya historia. Angalia pia vitu viwili ambavyo kufuta historia hakuvigusi: video zilizopewa dole gumba la juu na chaneli mlizojiunga nazo. Mtoto mwenye rimoti hubonyeza chochote kinachong'aa. Orodha ya chaneli iko hapa:

```
youtube.com/feed/channels
```

Ondoa kila ambayo hakuna mtu mzima anayeijua. Baada ya hapo, ukirudi kwenye TV na kukuta chaneli ileile ya katuni bado imeng'ang'ania, ndipo utumie Don't recommend channel. Katika hatua hii inafanya kazi vizuri zaidi kwa sababu haipambani tena na historia ya miezi. Ila ujue haifungi chaneli. Mtoto akiitafuta kwa jina ataipata.

Ukurasa hautageuka saa hiyohiyo. Ukiufungua mara baada ya kufuta, baadhi ya katuni zitakuwepo bado. Zipite tu. Maelezo yale ya 2016 yanasema video iliyopendekezwa karibuni na isiyotazamwa hushushwa ukurasa unapopakiwa tena, kwa hiyo kutobofya nako ni jibu. Kosa la kawaida hapa ni kubofya moja «kuangalia tu kama bado inakuja». Umeirudisha kwenye historia.

Nafasi iliyoachwa wazi lazima ijazwe na kitu, la sivyo utaletewa yale yanayopendwa na kila mtu. Turudi kwa mama na magunia yake. Asitafute kwa neno moja la jumla. Aandike kwa Kiswahili, «kupanda sukuma wiki kwenye magunia», na atapata zaidi video za watu wa Kenya na Tanzania, wenye udongo, mvua na wadudu anaowajua. Akitafuta kwa Kiingereza atapelekwa kwa wakulima wa nchi za baridi, na mapendekezo yatafuata njia hiyo. Achague video 5 au 6 kutoka chaneli tofauti, azitazame kwa siku kadhaa na sehemu kubwa ya kila moja. Video 6 za chaneli moja zitamletea chaneli hiyo tu. Za chaneli tofauti zinaufundisha mfumo kwamba anachopenda ni kilimo cha nyumbani chenyewe. Na pakitokea kale kadodoso kanakouliza video uliionaje kwa nyota 1 hadi 5, akajibu kwa ukweli. YouTube ilieleza mwaka 2021 kwamba ni nyota 4 na 5 tu zinazohesabiwa kuwa muda uliomfaa mtazamaji. Ni sehemu chache sana ambapo unaulizwa maoni yako badala ya kukisiwa.

Lakini haya yote yatadumu mpaka likizo ijayo, kama watoto watabaki kwenye akaunti ileile. Suluhisho la kudumu ni kuwatenganisha. Huhitaji barua pepe mpya: kwenye kompyuta fungua youtube.com/account, uchague Add or manage your channel(s), utengeneze chaneli ya pili ndani ya akaunti yako na uipe jina, tuseme «Watoto». Inakuwa na historia yake na orodha yake ya chaneli, na kwenye TV unaichagua kwa kubonyeza picha. Ugumu wake ni nidhamu tu. Kila anayeshika rimoti lazima aangalie picha kabla ya kuanza, na mtoto hataangalia. Kwa hiyo nashauri TV iachwe usiku ikiwa upande wa watoto, ili mtu mzima ndiye abadilishe. Mtu mzima akikosea, historia ya watoto itapata mechi moja, na hiyo haiharibu kitu. Wageni wakija, hasa binamu wenye nyimbo zao, tumia hali ya mgeni kwenye ukurasa uleule wa kuchagua akaunti.

Njia kali zaidi ni kuzima historia kabisa na kufuta yote ya nyuma. Tangu Agosti 2023, akaunti isiyo na historia ya maana haipewi video zozote kwenye ukurasa wa mwanzo. Unakuta sehemu ya kutafutia na basi. Naipenda kwa mtu anayejua anachofuata na ambaye hutegemea zaidi chaneli alizojiunga nazo. Kwa TV ya familia siipendekezi, kwa sababu kuandika kwa rimoti kunawakera wote na kabla ya wiki kuisha mtu ataiwasha tena bila kuwaambia wengine.

Kwenye simu kuna mpangilio mmoja zaidi, Playback in feeds. Huo huzifanya video zicheze zenyewe unapopitisha kidole, na ukikawia juu ya moja inaweza kuingia kwenye historia bila kubofya. Uweke Off. Bando nalo litadumu zaidi.