Compact, Midsize au Full-size: gari la saizi gani linakufaa unapoagiza kutoka Japani?

Ukipitia tovuti za magari yaliyotumika utakuta yamepangwa kwa majina ya Compact, Midsize na Full-size. Wengi wetu tunayasoma kama dogo, la kati na kubwa, tukiamini kila ukipanda ngazi unapata nafasi zaidi. Si lazima iwe hivyo, kwa sababu majina haya hayapimwi kwa rula moja kila mahali.

Marekani, idara ya mazingira ya serikali, EPA, hupima ndani ya gari: nafasi ya abiria ukijumlisha na buti. Sedani yenye futi za ujazo 100 hadi chini ya 110 ni Compact, kuanzia 110 hadi chini ya 120 ni Midsize, na kuanzia 120 ni kubwa. Ndiyo maana Honda Accord ya 2018, ambayo sokoni inauzwa kama gari la kati, kwa EPA imo kwenye kundi la magari makubwa. Porsche 911, pamoja na bei yake yote, imo kwenye kundi la magari madogo kabisa.

Japani wanapima nje. Gari likiwa na urefu usiozidi mita 4.7, upana usiozidi mita 1.7, kimo kisichozidi mita 2, na injini ya petroli isiyozidi cc 2000, linahesabiwa dogo na namba yake ya kundi kwenye kibao huanzia 5 au 7. Likipita kimojawapo tu, linahamia kwenye namba za 3. Watengenezaji hawataki mteja wao avuke mstari huo, kwa hiyo wanabana upana. Na hili ndilo la kulitazama kabla ya kutoa hela: Toyota Vitz ya kuanzia 2010, Corolla Axio ya kuanzia 2012 na Premio ya kuanzia 2007 zote zina upana wa milimita 1,695. Muuzaji atakuambia Premio ni la kati na Axio ni dogo, lakini watu wazima watatu wakikaa nyuma, mabega yao yatabanana karibu sawasawa katika magari yote mawili.

Unacholipia ukitoka Axio kwenda Premio ni urefu, hasa umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Axio ina milimita 2,600, Premio 2,700. Sehemu kubwa ya hizo sentimita 10 utaiona kwenye magoti ya abiria wa nyuma. Mtu mrefu akienda Dar hadi Dodoma ataishukuru. Mtoto wa darasa la pili hataijua.

Kwa familia ya watu wanne au watano yenye gari moja tu, mimi ninayapanga hivi.

Nafasi ya kwanza naipa Corolla Fielder ya 1.5. Mbele na katikati ni sawa na Axio, ila nyuma ni wagoni: unalaza viti, unaingiza godoro, magunia ya mkaa au baiskeli bila kufunga kamba juu ya paa. Kwa jina la saizi ni gari dogo, lakini kwa mzigo linayapita masedani yanayoitwa makubwa. Kama hubebi chochote zaidi ya mabegi, Axio itakutosha.

Ya pili ni Premio, au ndugu yake Allion. Ichukue kama nyuma wanakaa watu wazima kila siku, au kama safari ndefu ni kawaida yako. Kenya angalia injini kwa makini, maana mpaka wa ushuru wa bidhaa uko cc 1500: Premio ya 1.5 ina cc 1,496 na inabaki chini, ya 1.8 inavuka. Tanzania zote mbili, hata ile ya 2.0 yenye cc 1,986, ziko kundi moja.

Ya tatu ni Vitz au Passo. Kwa mtu mmoja, au wawili na mtoto, ningeziweka juu kabisa. Injini ya 1.0 ina cc 996, na Tanzania injini isiyozidi cc 1000 haitozwi ule ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini. Tatizo ni buti: ukishaweka begi kubwa na ndoo, limejaa.

Ya mwisho naiweka Mark X, na najua wapenzi wake watanipinga. Ni gari tulivu barabarani na lina nguvu. Lakini tunazungumzia nafasi na gharama. Kizazi cha kuanzia 2009 kina urefu wa milimita 4,730, upana 1,795, na magurudumu yanaachana kwa 2,850. Kwa karatasi ni kubwa. Sasa fungua mlango wa nyuma utazame sakafu. Gari hili linasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo propela inapita chini katikati, na juu yake kuna tuta refu. Abiria wa tano anakaa miguu ikiwa imetanuliwa pande mbili za tuta hilo, akibanana miguu na majirani zake. Kwa watu wanne ni raha. Kwa watano, upana ule wa ziada umeliwa.

Gharama nayo inaanzia melini. Meli za magari hutoza kwa mita za ujazo, na tovuti nyingi huandika kipimo hicho kama M3: urefu mara upana mara kimo. Passo ya 2010 ni kama 9.3, Fielder 10.9, Premio 11.4, Mark X 12.2. Tofauti ya Fielder na Mark X ni mita 1.3 za ujazo, unazilipia kwa dola hata kabla gari halijagusa Dar au Mombasa.

Kisha kodi, ambayo haiulizi jina la saizi. Tuseme TRA imelithaminisha gari kwa shilingi milioni 20 pamoja na usafiri na bima (TRA ina kikokotoo chake cha thamani, bei uliyolipa si lazima ndiyo itumike). Ushuru wa forodha wa asilimia 25 unaifikisha milioni 25. Premio inaongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, yaani 1,250,000. Mark X ya cc 2,499 inaongezewa asilimia 10, yaani 2,500,000. VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya jumla hiyo: 4,725,000 kwa Premio, 4,950,000 kwa Mark X. Kwa thamani ileile, injini kubwa imekuongezea 1,475,000, bila kuhesabu ushuru wa uchakavu na tozo nyingine. Baadaye fundi atakuuzia plagi 6 badala ya 4.

Kama mko sita au zaidi, acha masedani mtazame Noah. Nyingi nazo zina upana wa 1,695, ila kimo na safu ya tatu ya viti ndivyo vinavyoleta nafasi.

Kabla ya kuagiza, tafuta gari la aina hiyohiyo kwa jirani au yadi. Rekebisha kiti cha dereva kama unavyoendesha wewe, kisha hamia nyuma yake. Ngumi yako ikipita kati ya goti na kiti, panafaa kwa safari. Halafu waite wawili wakae pembeni yako, na wewe usogee katikati.