Chokoleti ipi ununue kwa ganashi ya keki

Resipe inataka gramu 200 za chokoleti nyeusi ya asilimia 55 na gramu 200 za krimu nzito. Umefika dukani, hiyo haipo. Uchukue ipi?

Kwanza geuza pakiti usome. Ile asilimia ni jumla ya kilichotoka kwenye mbegu ya kakao, yaani unga mkavu pamoja na siagi yake. Katika chokoleti nyeusi, kinachobaki karibu chote ni sukari. Ganashi nayo hugandishwa na vitu hivyohivyo viwili: siagi ya kakao ikipoa hukaza, na unga hunyonya maji ya krimu.

Chaguo langu la kwanza ni nyeusi yoyote ya kati ya asilimia 50 na 60. Badilisha gramu kwa gramu, wala usihangaike.

La pili ni nyeusi ya asilimia 70, ila usiipime sawa na ile ya 55. Gramu 200 zake zitakupa ganashi chungu, ngumu, na mafuta yanaweza kujitenga yakaelea juu yakimetameta. Tumia gramu 160 na uyeyushe gramu 40 za sukari kwenye krimu ya moto: kakao na sukari zitakaribia sana za resipe. Mafuta yakijitenga hata hivyo, ongeza maziwa ya uvuguvugu kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga hadi irudi kuwa laini.

Chokoleti ya maziwa ni ya tatu. Hapa asilimia haikuambii sukari, kwa sababu unga wa maziwa nao umo. Kwa krimu ileile weka gramu 300, la sivyo itateremka pembeni mwa keki. Utamu utapanda sana, kwa hiyo punguza sukari ya keki yenyewe na tia chumvi kidogo.

Nyeupe naiweka ya nne. Ina siagi ya kakao lakini haina ule unga, kwa hiyo inahitaji gramu 400 kwa krimu hiyo. Bei inapanda, na huungua upesi. Mimina krimu ya moto juu yake badala ya kuibandika jikoni.

Ya mwisho ni ile ya bei rahisi ambayo orodha yake ina mafuta ya mawese au ya mimea mingine mahali pa siagi ya kakao. Kuganda inaganda, na kwenye joto la Dar au Mombasa nyingine hustahimili kuliko chokoleti halisi, lakini huacha utando wa mafuta mdomoni. Mimi huinunua kwa mapambo tu.

Yoyote utakayochukua, kabla ya kumwagia keki chovya kijiko kwenye ganashi, kiweke kwenye friji dakika 10, kisha kiache mezani. Ikianza kuchuruzika, ongeza gramu 30 za chokoleti kwenye ganashi ingali ya moto, ujaribu tena.