Kisikizi kimoja kimya: uzoefu wangu na visikizi visivyo na waya vya shilingi 1,500

Visikizi hivi nimevitumia hapa Lamu kwa miezi minane. Ni vile vidogo vya kutumbukiza masikioni, viwili visivyounganishwa kwa waya wowote, vinavyolala ndani ya kikasha chenye betri yake. Kwa shilingi 1,500 sina ugomvi na sauti: besi ipo, na maneno ya mhadhara au ya taarabu yanasikika wazi. Nimevipa nyota tatu kwa sababu ya jambo moja tu. Kila baada ya wiki chache kimoja hunyamaza, aghalabu cha kulia, na mwenzake huendelea kuimba peke yake. Jozi nyingi za bei hii zina ugonjwa huohuo, na dawa yake haiko dukani.

Kikinyamaza, usikimbilie kuviweka upya. Kitoe kile kilicho kimya kwenye kikasha, kitie sikioni na usikilize kikiwaka. Ukisikia ule mlio wa kuwaka sawasawa halafu muziki haufuati, kisikizi ni kizima ila kimepoteana na mwenzake. Mlio ukisikika kwa mbali, kama mtu anayesema nyuma ya mlango, basi nta ya sikio imeziba kile kiwavu kidogo cha mdomoni. Na kama hakuna mlio wala taa, hakina chaji. Hali hizi tatu kila moja ina tiba yake, na kuviweka upya hutibu ile ya kwanza tu.

Cha kulia changu hakikuwa na taa. Nilipokirudisha kikashani, cha kushoto kiliwasha taa nyekundu kuonyesha kinachaji, hiki hakikuonyesha kitu. Chini ya kila kisikizi pana vidoti viwili vya madini, na ndani ya kikasha pana pini mbili zenye springi zinazovigusa. Ukimulika kwa tochi ya simu unaona vizuri: upande wa kulia doti moja ilikuwa na ukoko wa kijani, na pini moja ilikuwa imezama haipandi. Jasho na hewa ya chumvi ndiyo yanayofanya hivyo. Ukivuka na mashua kutoka Mokowe huku umevaa visikizi, kisha ukavirudisha kikashani bila kuvifuta, hiyo chumvi unaifungia ndani.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kisikizi kisichogusana na pini hakijui kwamba kimerudi kikashani. Kinabaki kimewaka mpaka betri yake ikauke. Kesho yake ukivitoa, cha kushoto kinamtafuta mwenzake, hakimpati, kinajiunga na simu peke yake. Hata ukija kukichaji cha kulia baadaye, kinakuta mwenzake ameshashikwa. Kwa hiyo ukiviweka upya bila kusafisha pini, vitaungana leo na kuachana tena keshokutwa, nawe utadhani vimekufa.

Namna ya kusafisha ni hii. Lowesha kijiti cha pamba kwa spiriti kidogo, kikamue kisichuruzike, kisha sugua vile vidoti mpaka ving'ae. Pini za kikasha zisugue taratibu, na ile iliyozama ibonyeze mara kadhaa kwa ncha ya kijiti cha meno cha mbao mpaka springi iirudishe juu. Usitumie sindano wala kisu, kwani chuma kinaweza kuziunganisha pini mbili na kuharibu kikasha. Acha kikasha wazi dakika kumi kikauke, halafu virudishe visikizi. Taa zote mbili zikiwaka, chaji kwa saa moja na nusu hivi, na kikasha chenyewe kiwe kwenye waya wa chaji. Kama ya upande mmoja bado haiwaki, kiache kisikizi humo nusu saa, maana betri iliyokauka kabisa huchelewa kuamka. Baada ya hapo ikiwa bado kimya, betri imekufa, na hakuna kubonyeza kutakakoifufua.

Sasa ndiyo zamu ya kuviweka upya. Anza na simu: fungua orodha ya Bluetooth, gusa jina la visikizi, chagua `Forget` au `Unpair`, au "Sahau" kama simu yako iko kwa Kiswahili. Ukiona jina limejitokeza mara mbili, au moja lina `L` na jingine `R` mwishoni, yafute yote mawili. Kisha zima Bluetooth kabisa. Hatua hii msiidharau. Visikizi vikitoka kikashani hutafutana kwanza, vikipatana kimoja kinakuwa kiongozi na kuzungumza na simu, cha pili kinamfuata. Simu ikikiwahi kimoja kabla hakijampata mwenzake, hutabaki na jozi, utabaki na visikizi viwili vya pekee. Simu ya ndugu au ya mtoto iliyowahi kuunganishwa navyo nayo hufanya vivyo hivyo kutoka chumba cha pili, kwa hiyo nayo ifute jina.

Vitoe vyote viwili kwa pamoja. Kwenye jozi yangu nabonyeza mahali pa kugusa pa vyote viwili kwa wakati mmoja, nahesabu mpaka kumi, mpaka taa zimetamete nyekundu na nyeupe kwa haraka, halafu naachia. Navirudisha kikashani, nafunga kifuniko sekunde kumi, navitoa tena. Jozi nyingine hutaka kuguswa mara tano mfululizo, na nyingine zina kitufe mgongoni mwa kikasha cha kushikilia. Kile kikaratasi kilichokuja kwenye boksi kinaeleza, kwa hiyo usikitupe.

Sasa angalia taa bila kugusa simu. Zote mbili zitametameta, kisha moja itazima au kupunguza kasi na nyingine itaendelea. Hiyo ndiyo dalili kwamba vimepatana. Zikiendelea kumetameta zote kwa mwendo mmoja hata baada ya dakika moja, bado havijaonana, rudia. Vikishapatana ndipo uwashe Bluetooth, na kwenye orodha litokee jina moja tu. Liguse hilo.

Vyote vikilia lakini kimoja kiko chini, kwanza safisha kile kiwavu kwa mswaki mkavu, mdomo wa kisikizi ukielekea chini ili uchafu udondoke nje usiingie ndani. Kisha angalia kwenye `Settings`, sehemu ya `Accessibility`, ule mstari wa mizani ya sauti wa kushoto na kulia. Kidole kikiusogeza bila kujua, simu yenyewe inanyima sikio moja, na hapo visikizi havina kosa.

Ukipoteza kimoja, usinunue kimoja cha jozi nyingine hata kama vinafanana kwa rangi na umbo. Visipokuwa vya modeli ileile kwa ndani, mara nyingi havitakubaliana. Na ukiwa dukani kununua jozi kama hii, kabla hujatoa pesa kirudishe kila kisikizi kikashani peke yake na uone taa yake ikiwaka papo hapo. Kama lazima ukibonyeze kwa kidole ndiyo taa iwake, pini ni dhaifu tangu siku ya kwanza. Omba boksi jingine.