Boti ikishindwa kutuma: ujumbe wa faragha au barua pepe?

Boti yetu ya Telegram hukumbusha wanachama wa chama michango kila Ijumaa. Ikipata kosa `429`, yaani imetuma maombi mengi mno kwa muda mfupi, haimsumbui mtu: husubiri sekunde zilizotajwa kwenye `retry_after`, kisha hutuma tena. Ikipata `403` kwa kuwa imeondolewa kundini, kurudia hakusaidii. Hapo inaniarifu mimi ninayeitunza, mara moja tu.

Kwa arifa hiyo, ujumbe wa faragha ni rahisi zaidi na simu hulia papo hapo, mradi uwe umeianzisha boti kwa `/start`. Lakini tokeni, yaani ufunguo wa siri wa boti, ikibatilishwa, `401` huziba njia hiyo pia. Barua pepe bado hufika, ingawa nywila yake nayo itataka kutunzwa. Kwa vikumbusho vya kawaida, ujumbe wa faragha unatosha. Boti ikishika hesabu za fedha, ningeongeza barua pepe.