Soko na kanisa: kipi kilikibana zaidi Kichaga?

Kibiashara, Kiswahili kilipanda Kilimanjaro na misafara ya pembe kutoka pwani. Leo sokoni Mbuyuni, Moshi, muuzaji wa Kibosho na mteja wa Rombo hupatana bei ya mkungu wa ndizi kwa Kiswahili, maana Kichaga chao hakielewani vizuri. Akija jirani wa muuzaji, lugha ya nyumbani inarudi palepale.

Kanisani kulianza kinyume. Mmisionari Mlutheri Bruno Gutmann, huko Old Moshi, alihubiri na kutafsiri Agano Jipya kwa Kimochi, Kichaga cha huko. Ila Kimochi si Kirombo wala Kimachame, na sharika za mjini zilipochanganya watu, Kiswahili kikashika mimbari. Naona hapo ndipo Kichaga kilipoumia zaidi: soko lilichukua bei tu, ibada ikachukua sala, ndoa na mazishi.