Usiandike «Hesabu unga» tu: weka na linki inayofika kwenye kisanduku chenyewe

Wandugu wa Lubumbashi, na ninyi mnaotutazama toka mbali, karibuni. Leo tuko na Google Agenda. Namna ya kuweka tukio na saa mnaijua, sitaigusa. Nataka sehemu moja tu, ile ya maelezo chini ya tukio. Watu wanaiacha tupu, na hiyo inaniudhi kabisa!

Tazameni kioo. Tukio ni «Hesabu unga», kila Jumatatu saa 8:00. Simu inalia, mama wa duka pale soko la Kenya, hapa Lubumbashi, anasoma, kisha anaanza kutafuta faili kwenye Drive, na faili tatu zina jina karibu moja. Mteja anaingia, hesabu imeishia hapo. Sasa tuweke hii kwenye mstari wa kwanza wa maelezo:

```
https://docs.google.com/spreadsheets/d/KITAMBULISHO/edit#gid=0&range=F6
```

KITAMBULISHO ni ule mstari mrefu wa herufi na namba wa faili lenu. Nakilini toka juu ya kivinjari. `gid` ni namba ya ukurasa ndani ya faili, nayo inaonekana hapo hapo. `F6` ni kisanduku cha kuandikia magunia yaliyobaki. Ngoja nibonyeze arifa... tukio limefunguka... nabonyeza linki. Mnaona? F6 imeshachaguliwa, inangoja namba tu. Naipenda sana hii!

Angalieni lakini: `F6` ni anwani tu, haijui unga. Mkiingiza mstari mpya juu yake, unga unashuka F7, linki inabaki F6, na namba inaandikwa kwenye mchele. Bidhaa mpya ziongezwe chini. Jina la ukurasa badilisheni mnavyotaka, `gid` haigeuki. Kwenye simu, programu wakati mwingine inafungua ukurasa na kuacha kisanduku, kwa hiyo unga upeni ukurasa wake mdogo, usiwe na mistari mia mbili.

Wengine wataniambia tumieni Obsidian, ile programu ya kuandikia madokezo. Ni nzuri, ila linki yake inaanza na `obsidian://`, na sehemu nyingi za ujumbe zinageuza `https://` peke yake kuwa linki ya kubonyeza. Ile nyingine inabaki maandishi. Kujitumia ujumbe WhatsApp nako linki inafunguka vizuri, ila ujumbe wenyewe haulii Jumatatu.

Bei? Bure, mnalipa mega tu. Wiki ijayo tutaonyesha linki za vichwa vya habari ndani ya Google Docs. Zile zinakifuata kichwa hata kikihama.

Linki ikiwaambia muombe ruhusa ya kuingia, mara nyingi simu ina akaunti mbili za Gmail na imechukua ile isiyo na faili. Shirikisheni faili kwa akaunti zote mbili, mpe kila moja haki ya kuandika, kisha bonyezeni tena leo, msingoje Jumatatu.